UZI: Sensa ya 2022 inaonesha asilimia ya watoto imeshuka. Mbona Darasa la Kwanza linazidi kujaa?

Mizani ya Kata

Habari zenu wanajukwaa. Nimefanya kazi ya mipango katika halmashauri kwa miaka mingi, na kuna hoja moja ambayo imeanza kusikika katika vikao vya bajeti na inanipa wasiwasi mkubwa. Hoja yenyewe ni kwamba Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 imeonesha watoto wanapungua, kwa hiyo fedha za madarasa zianze kuelekezwa kwingine. Ninaomba tuijadili kwa utulivu, kwa sababu anayeitoa husoma takwimu halali kabisa, ila anaisoma nusu.

Takwimu yenyewe ni hii. Mwaka 2012 watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 14 walikuwa asilimia 43.9 ya Watanzania wote, na mwaka 2022 walikuwa asilimia 42.8. Ni kweli kwamba sehemu yao imeshuka. Lakini mwaka 2012 tulikuwa watu 44,928,923, na usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 tulihesabiwa 61,741,120. Ukizidisha utaona kwamba watoto hao walitoka takribani milioni 19.7 wakafika takribani milioni 26.4. Asilimia imeshuka kwa pointi moja na kidogo, na hapo hapo watoto wameongezeka kwa zaidi ya milioni sita na nusu. Dawati halikaliwi na asilimia, linakaliwa na mtoto.

Jambo la pili ni kwamba kundi la miaka 0 hadi 14 ni pana mno kwa mtu anayepanga shule au zahanati. Ndani yake yumo mtoto wa wiki sita anayesubiri chanjo yake ya kwanza ya pentavalenti, yumo wa miaka mitano anayetakiwa darasa la awali, na yumo wa miaka 14 ambaye yupo sekondari. Mpangaji anatakiwa kuchukua jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja, kwa kata yake, kisha awatembeze watoto hao mwaka hadi mwaka mpaka wafike kwenye mlango wa huduma husika. Kazi hiyo ndiyo ningependa tuizungumze hapa.

Kipimo

Ndugu Mizani, nakubaliana na hesabu yako ya jumla, lakini nadhani unaikwepa habari njema. Kiwango cha uzazi kinashuka. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulionesha wastani wa watoto 5.2 kwa mwanamke, na ule wa 2022 ukaonesha 4.8. Ikiwa kila mama anazaa watoto wachache kuliko zamani, basi idadi ya wanaoingia Darasa la Kwanza lazima ishuke baada ya miaka sita. Hilo ni suala la hesabu tu. Tukijenga madarasa ya kudumu leo, baada ya miaka kumi tutakuwa na majengo matupu, wakati fedha hizo zingeweza kwenda kwenye vyuo vya ufundi kwa ajili ya vijana ambao tayari wapo.

Mizani ya Kata

Kipimo, nusu ya kwanza ya maneno yako ni sahihi na ninaipokea. Uzazi kwa kila mwanamke unashuka. Kosa lipo kwenye neno lako "lazima". Idadi ya watoto wanaozaliwa kwa mwaka hutokana na mambo mawili kwa pamoja, yaani kila mama anazaa wangapi, na mama wenyewe ni wangapi. Wasichana waliozaliwa miaka ya tisini na ya elfu mbili walikuwa wengi kuliko waliowatangulia, na sasa ndio akina mama. Kama akina mama 100 walizaa watoto 520, na leo mahali pale pale kuna akina mama 130 wanaozaa 4.8 kila mmoja, watoto watakuwa 624. Uzazi umeshuka na wodi ya wazazi imejaa zaidi. Hali hiyo itaendelea kwa miaka mingi, kwa kuwa wengi wa akina mama wa miaka ishirini ijayo wameshazaliwa na tumeshawahesabu.

Kuhusu vyuo vya ufundi sina ubishi, vinahitajika. Nisichokubali ni kuvijenga kwa fedha za Darasa la Kwanza.

Mwalimu wa Geita

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mimi ni mwalimu mkuu katika mkoa wa Geita, kwenye kata yenye machimbo madogo ya dhahabu. Kata yetu ina shule nne za msingi za Serikali. Januari hii tuliandikisha watoto 782 wa Darasa la Kwanza kwa shule zote nne, na vyumba tulivyotenga kwa ajili yao ni tisa. Hiyo ni wastani wa watoto 87 katika chumba kimoja, wakati kiwango kinachotakiwa ni 45.

Afisa mtendaji wa kata alinipatia takwimu za sensa za kata yetu. Usiku ule wa Agosti 2022 walihesabiwa watoto 560 wenye umri wa miaka mitatu, 610 wa miaka miwili na 540 wa mwaka mmoja. Nimezitazama kwa muda mrefu na sijui nianzie wapi. Hakuna namba hata moja kati ya hizo inayokaribia 782. Je, sensa ilikosea, au mimi ndiye nisiyejua kuzisoma?

Chokaa

Naomba kuuliza jambo linalohusiana. Karani wa sensa alipokuja nyumbani, mama mkwe ndiye aliyejibu, na akasema mtoto wetu ana miaka mitatu wakati alikuwa hajatimiza. Sasa mwaka huu tumekwenda kumwandikisha shule na tarehe zimeleta utata. Je, umri ulioandikwa kwenye sensa ndio unaotumika shuleni? Na tukitaka kuurekebisha tuende ofisi gani?

Mizani ya Kata

Ndugu Chokaa, ondoa hofu. Karatasi inayotambulika kwa ajili ya kumwandikisha mtoto ni cheti chake cha kuzaliwa. Taarifa ya mtu mmoja mmoja katika sensa inalindwa na Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, na mwalimu hawezi kuifungua ili kuangalia mtoto wako aliandikwa ana miaka mingapi. Kwa hiyo utata mlioupata umetoka kwenye nyaraka nyingine, na mahali pa kwenda ni kwa msajili wa vizazi wa wilaya yenu.

Hata hivyo umetupa jambo la maana bila kukusudia. Kosa la mama mkwe lilitokea katika kaya nyingi sana, na lina sura yake maalumu. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane huitwa "wa miaka miwili". Ndiyo maana katika takwimu za Mwalimu wa Geita watoto wa miaka miwili ni wengi kuliko wa mwaka mmoja na pia kuliko wa miaka mitatu. Sidhani kwamba mwaka mmoja watu walizaa sana na uliofuata wakapumzika. Namba mbili imevuta majirani zake wa pande zote, kama vile kwa watu wazima 30, 40 na 50 zinavyovuta 29, 41 na 52.

Sasa Mwalimu, tuifanye hesabu yako. Sensa huandika umri uliotimia siku ya kuhesabiwa, yaani 23 Agosti, na shule huanza Januari. Watoto wanaotimiza miaka sita kufikia Januari 2026 ni waliozaliwa mwaka 2019. Waliozaliwa kati ya Januari na tarehe 23 Agosti 2019 walihesabiwa wakiwa na miaka mitatu, na hao ni takribani asilimia 64 ya watoto wote walioandikwa miaka mitatu. Waliozaliwa baada ya hapo hadi Desemba walihesabiwa wakiwa na miwili, na ni takribani asilimia 36 ya walioandikwa miaka miwili. Kwa hiyo:

```
560 x 0.64 = 358
610 x 0.36 = 220
jumla      = 578
```

Ondoa wachache waliofariki kabla ya kufika umri wa shule. Kwa taarifa za utafiti wa mwaka 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilikuwa 43 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai, na 33 kati ya hivyo vilitokea kabla ya mtoto kutimiza mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba aliyekwisha kuvuka umri huo ana hatari ndogo kiasi, na kutoa asilimia moja kunatosha. Tunabaki na watoto 572. Hao ndio ambao sensa ilikuwa inakuambia uwatarajie Januari iliyopita.

Umeandikisha 782. Ukigawa kwa 572 unapata 1.37. Tafadhali tafuta uandikishaji wa mwaka 2024 na 2025, uufanyie hesabu ile ile, utuambie uwiano ulikuwa ngapi. Tukiiona miaka mitatu pamoja ndipo tutajua kama tatizo ni la sensa au ni la kitu kingine.

Bi Zahanati

Nimesoma kwa makini sana, maana maumivu ya Mwalimu ndiyo yangu. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa zahanati ya kijiji. Kila mwaka tunapewa idadi ya walengwa, yaani watoto wa chini ya mwaka mmoja tunaotakiwa kuwachanja. Mwaka jana nilipewa walengwa 306. Katika vitabu vyangu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, nilichanja pentavalenti ya tatu kwa watoto 361, ambayo ni asilimia 118. Kwenye kikao cha wilaya nilipongezwa. Mimi mwenyewe sikufurahi, kwa sababu ninajua kwa majina watoto ambao hawajamaliza chanjo zao. Na kila mwezi dawa na chanjo hupungua kabla ya wakati, kwa kuwa ninaletewa kulingana na walengwa 306.

Ninaomba kufahamishwa, inawezekanaje kuchanja watoto wengi kuliko waliopo?

Kipimo

Hapo naona dhahiri kwamba makadirio ya walengwa yanatokana na sensa ya zamani. Tumieni matokeo ya 2022 na tatizo litakwisha.

Mizani ya Kata

Kipimo, ingekuwa rahisi hivyo tungeshukuru. Kubadili msingi kutoka sensa ya 2012 kwenda ya 2022 kunasaidia sana, hasa kwenye mikoa ambayo watu wameongezeka kwa kasi tofauti na wastani wa nchi. Mkoa wa Geita ulikuwa na watu 1,739,530 mwaka 2012 na ukafika 2,977,608 mwaka 2022. Kilimanjaro ilitoka 1,640,087 ikafika 1,861,934 tu. Ukitumia kasi moja ya taifa, yaani asilimia 3.2 kwa mwaka, unamwonea wa Geita na unamzidishia wa Kilimanjaro.

Lakini watoto wa chini ya mwaka mmoja ni kundi ambalo sensa yenyewe hulihesabu kwa udhaifu. Kaya nyingi zinapoorodhesha watu, mtoto mchanga husahaulika, na mahali pengine mtoto ambaye hajatimiza siku arobaini hatajwi kirahisi mbele ya mgeni. Dalili yake ni rahisi kuiona. Angalia watoto wa umri sifuri katika kata yako, kisha angalia wa miaka mitatu na minne. Ikiwa wa umri sifuri ni wachache zaidi, mahali ambapo vizazi vinaongezeka kila mwaka na ambapo baadhi ya wale wakubwa walikwisha kufariki, basi wachanga hawakuhesabiwa wote. Mimi huwa siitumii idadi ya umri sifuri peke yake. Huchukua watoto wa miaka miwili hadi minne, huwarudisha nyuma kwa kuongeza waliofariki, na kupata vizazi vya miaka ile.

Kwako Bi Zahanati, ipo sababu ya tatu ambayo haitokani na sensa kabisa. Akina mama wa kijiji jirani wakija kwako, mtoto anahesabiwa kwenye kitabu chako lakini mlengwa wake yupo kwenye namba za zahanati nyingine. Kitabu chako kina safu ya makazi. Je, ni wangapi kati ya wale 361 wanatoka nje ya eneo lako?

Na wakati unasubiri walengwa sahihi, kipo kipimo kimoja ambacho hakihitaji sensa hata kidogo. Linganisha watoto waliopata pentavalenti ya kwanza na waliopata ya tatu.

Mzee wa Marangu

Vijana wangu, mmezungumza sana kuhusu watoto. Kwetu huku Kilimanjaro mlimani hali ni nyingine. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na mikondo miwili, na leo kuna darasa lenye watoto 19. Vijana wameondoka kwenda Arusha, Dar es Salaam na kwingineko. Waliobaki ni sisi wazee, na zahanati yetu ina chumba kizuri cha chanjo lakini dawa za presha na kisukari huisha katikati ya mwezi. Nikienda kuuliza naambiwa kwamba wazee nchini ni asilimia ndogo sana.

Swali langu ni hili. Wakati wa sensa karani aliniuliza mwaka wa kuzaliwa. Mimi ninaufahamu, lakini jirani yangu haufahamu, na alikadiriwa kwa matukio, kama alikuwa ameoa wakati wa Azimio la Arusha na mengineyo. Je, umri wa namna hiyo unaweza kutegemewa kupanga dawa?

Mizani ya Kata

Shikamoo Mzee. Kwa mtu mmoja, umri wa kukadiriwa kwa matukio unaweza kukosea miaka kadhaa, na kosa huelekea zaidi kuongeza umri, kwa sababu mwenye 58 huona 60 ni namba ya heshima na iliyo rahisi kutamka. Kwa kundi zima, ukichukua wote wenye miaka 60 na kuendelea badala ya kuwagawa vipande vidogo, kosa hupungua kiasi cha kuweza kutumika.

Hoja yako kubwa zaidi naiunga mkono bila kusita. Ni kweli kwamba wenye miaka 65 na zaidi hawafiki hata asilimia 4 ya watu wote nchini, na asilimia hiyo karibu haikusogea kati ya sensa mbili. Lakini idadi yao imeongezeka kwa zaidi ya nusu milioni, na hawajagawanyika sawasawa. Kata iliyopoteza vijana inabaki na sehemu kubwa ya wazee hata kama hakuna mzee mpya aliyehamia. Anayepanga dawa za kata yako kwa asilimia ya taifa anakupelekea sanduku la kata nyingine.

Kuhusu shule yenye watoto 19, sipendi kuificha hali hiyo kwa sababu inauma. Kuna kata ambazo hazihitaji darasa jipya, na kumpeleka mwalimu zaidi huko ni kumnyima Mwalimu wa Geita.

Mzee wa Marangu

Marahaba. Lakini wakiiunganisha hiyo shule na nyingine, wale 19 watatembea kilomita ngapi kwenye mteremko wakati wa mvua? Hilo namba zako hazilisemi.

Mizani ya Kata

Hazilisemi, Mzee. Ni kweli.

Mtu wa Pemba

Assalaam aleykum. Nachangia kwa ufupi. Huku Zanzibar tulikuwa watu 1,303,569 mwaka 2012 na tukafika 1,889,773 mwaka 2022, yaani tunakua kwa kasi ya asilimia 3.7 kwa mwaka, kuliko Bara. Skuli nyingi zimekwenda kwa zamu, wengine asubuhi na wengine mchana, na sasa zinajengwa skuli za ghorofa kwa kuwa ardhi ni ndogo. Elimu ya msingi si jambo la Muungano, kwa hivyo mahesabu haya ya Januari 2026 msituwekee sisi vivi hivi bila kuangalia umri wetu wa kuanza na madarasa yetu. Njia ya kuwatembeza watoto kwa mwaka wa kuzaliwa lakini ni ile ile.

Mwalimu wa Geita

Nimerudi na majibu. Kwa mwaka 2024 uwiano ulikuwa 1.16, mwaka 2025 ukawa 1.26, na mwaka huu ni 1.37 kama ulivyokokotoa.

Mizani ya Kata

Asante sana, Mwalimu. Hapo ndipo namba zinapoanza kuzungumza. Kama sensa ingekuwa imewaacha watoto wa kata yako kwa kiwango fulani, uwiano ungekaa mahali pamoja kila mwaka, tuseme 1.2, 1.2, 1.2. Ukipanda kila mwaka namna hii, maana yake ni kwamba kuna kitu kinachoongezeka baada ya sensa. Kwa kata ya machimbo dhana yangu ya kwanza ni uhamiaji wa familia.

Tuitazame Januari 2027. Wanaostahili ni waliozaliwa 2020, ambao sensa iliwakuta na miaka miwili au mmoja. Asilimia 64 ya 610 ni 390, na asilimia 36 ya 540 ni 194. Jumla ni 584, na tukitoa asilimia moja tunapata 578. Kwa kuwa tunajua namba mbili ilivuta watu, nimejaribu pia kuzichanganya 610 na 540 na kuchukua nusu, nikapata 575, ambazo ni 569 baada ya kutoa asilimia moja. Tofauti ni ndogo mno. Kosa la kukadiria umri, ambalo wengi huliogopa, halibadili chochote hapa, lakini uhamiaji unabadili kila kitu. Bila kuuzingatia unahitaji vyumba 13. Ukichukua uwiano wa mwaka huu unapata watoto 790 na vyumba 18. Uwiano ukipanda tena kwa kiasi kile kile, hadi takribani 1.48, unapata watoto 855 na vyumba 19. Wewe una tisa.

Lakini kabla hujaandika barua kwa mkurugenzi ukitaja uhamiaji, fungua daftari la uandikishaji uangalie tarehe za kuzaliwa. Uwiano wako unachanganya watoto wa umri mbalimbali, na inawezekana dhana yangu imekosea.

Kipimo

Nimewaza tena juu ya hoja yangu ya majengo matupu, na naona ina mahali pake panapofaa zaidi, nako ni sekondari mwaka 2028. Kwa utaratibu uliotangazwa baada ya Sera ya Elimu kufanyiwa marekebisho mwaka 2023, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na walioanza Darasa la Kwanza 2022 watamaliza Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao walioanza 2021 watamaliza la Saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia Kidato cha Kwanza kwa pamoja. Makundi hayo tumeyahesabu yote kwenye sensa, wengi wao wakiwa na miaka saba na minane. Yatapita kidato kwa kidato hadi mwisho wa 2031, kisha tutarudi kwenye kundi moja. Je, tujenge vyumba vya kudumu kwa ajili ya uvimbe wa miaka minne?

Mizani ya Kata

Swali zuri, na safari hii huna nusu bali una zaidi ya nusu. Nikuongezee kipande kimoja. Mwaka huo huo wa 2028 vyumba vya Darasa la Saba vitakuwa vitupu katika kila shule ya msingi. Kwa hiyo vyumba kwa maana ya kuta na paa vitapatikana kwa kiasi fulani. Visivyopatikana ni maabara, na mwalimu wa fizikia au hisabati wa sekondari, ambaye huchukua miaka kumwandaa na ambaye hawezi kutolewa Darasa la Saba. Zaidi ya hayo, elimu ya lazima ikiwa ya miaka kumi, hakutakuwa tena na mchujo wa kupunguza idadi mlangoni.

Kwa kata inayokua kama ya Mwalimu, ningejenga vya kudumu bila wasiwasi, maana makundi ya baadaye yatavijaza. Kwa kata ya Mzee wa Marangu nisingejenga. Kwa zile za katikati, sijaridhika na jibu lolote nililolisikia mpaka sasa.

Mwalimu wa Geita

Ndugu Mizani, kutumia vyumba vya la Saba kunawezekana pale ambapo sekondari ipo jirani. Sekondari ya kata yetu ipo kilomita saba kutoka shule yangu. Nani atakuja kufundisha kemia kwenye chumba changu?

Bi Zahanati

Nimefanya ulichoniambia, ndugu Mizani. Katika wale 361, watoto 74 wanatoka vijiji viwili vya jirani. Nikiwaondoa nabaki na 287, ambao kwa walengwa 306 ni asilimia 94. Kisha nimelinganisha dozi. Pentavalenti ya kwanza walipata 412 na ya tatu 361, kwa hiyo watoto 51 walianza na hawakumaliza, ambao ni zaidi ya asilimia 12. Mwongozo wetu unatutaka tusizidi asilimia 10. Nilipongezwa kwa 118 na kumbe nina watoto 51 wa kuwatafuta.

Ninachojiuliza sasa ni kuhusu chanjo na dawa zenyewe. Nikiripoti watoto wa kijiji changu tu, mgao wangu utabaki mdogo, na wale 74 wataendelea kuja.

Mizani ya Kata

Dada, tenganisha mambo mawili. Kwa kupima umefikia wangapi, tumia watoto wa eneo lako peke yao. Kwa kuagiza, tumia wote uliowahudumia, pamoja na kiasi kinachopotea chupa inapofunguliwa kwa ajili ya watoto wachache, kama ilivyo kwa surua na rubela. Waoneshe wilayani namba zote mbili kwenye karatasi moja, pamoja na majina ya vijiji vile viwili. Mratibu wa chanjo na mfamasia wa wilaya wanaweza kupunguza kule na kuongeza kwako.

Chokaa

Nimewaelewa sasa kuhusu sensa. Naomba radhi kwa kuwatoa kwenye mada. Cheti cha mtoto tumekwenda kukifuatilia.

Mwalimu wa Geita

Nimemaliza kupitia madaftari ya shule zote nne, kazi iliyotuchukua siku mbili pamoja na walimu wa Darasa la Kwanza. Kati ya watoto 782, waliozaliwa 2019 ni 497 tu. Waliozaliwa 2018 au kabla ni 203, na 82 wamezaliwa 2020, yaani wazazi wamewaleta mapema.

Tuliwauliza wazazi wa wale 203 walikuwa wapi usiku wa sensa. Familia za watoto 131 zilikuwa nje ya kata yetu. Kwa hiyo uhamiaji upo kama ulivyodhani, ndugu Mizani, lakini si wote. Watoto 72 walikuwa hapa hapa, umri wao wa kuanza shule ulipita, na hawakuandikishwa kwa wakati.

Kinachonisumbua zaidi ni wale 497. Ulisema nitarajie 572 wa umri wa miaka sita, kabla hata ya kuhesabu wahamiaji. Kwa hiyo katikati ya msongamano huu wote, wapo angalau watoto 75 wa kata yetu waliohesabiwa na ambao hawapo kwenye daftari langu. Baadhi watakuwa shule binafsi, ambayo hapa ni moja na ni ndogo. Wengine huenda wamehama na wazazi. Wengine wapo machimboni, na mimi nimewaona.

Mizani ya Kata

Mwalimu, hilo sikuliona. Nilikuwa natazama wanaozidi.

Mwalimu wa Geita

Jumatatu nakaa na afisa mtendaji na wenyeviti wa vitongoji. Nitakwenda na orodha ya kaya zenye watoto waliozaliwa 2019 kwa kadiri wenyeviti wanavyozifahamu, tuilinganishe na daftari jina kwa jina. Nikipata majibu nitayaleta hapa.

Bi Zahanati

Mwalimu, njoo na mhudumu wa afya wa jamii wa kata yenu katika kikao hicho. Kadi za kliniki za mwaka 2019 zina jina la mtoto, la mama na la kitongoji.